Namna ya kumwandikia mke wako barua ya mipango ya watoto mkiwa mmetengana

Huu mwongozo ni wa baba ambaye ametoka nyumbani au mke ndo ameondoka, talaka haijatoka, labda wazee wamekaa ikashindikana labda bado hawajakaa, na hapo katikati kuna watoto wanaouliza baba anarudi lini. Naongelea Tanzania Bara, Zanzibar wana sheria zao na Mahakama ya Kadhi yao, ingawa namna ya kuandika barua yenyewe haitofautiani sana. Vikao vya usuluhishi nimekaa vingi na barua za akina baba nimezisoma, na nyingi zinaharibika kwa kitu kimoja tu, baba amechanganya mambo ya watoto na mambo ya ndoa kwenye karatasi moja. Mama anafika kwenye mstari wa "ulichonifanyia siku ile mbele ya mama yangu" anaishia hapo hapo, ule mpango mzuri wa Jumapili uliouandika chini hausomi kabisa, na jibu analokurudishia ni la ule mstari.

Kwahiyo barua hii ni ya watoto peke yake. Hiyo ndo kazi nzima, mengine yote hapa chini ni namna ya kuilinda hiyo.

Kabla hujaendelea, kama kwenye huo ugomvi wenu kulikuwa na kipigo au vitisho, au mke wako amefungua jalada Dawati la Jinsia na Watoto pale polisi, usimwandikie moja kwa moja. Nenda kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yako, mweleze unataka kupanga mambo ya watoto, yeye ndo awe katikati. Barua ya upole ikitoka kwa mtu aliyekutisha bado inatisha, na wewe inaweza kukuletea matatizo zaidi.

Hatua ya 1: Andika karatasi, sio meseji

Wasap inaandikwa usiku saa tano mtu akiwa na hasira, vipande vipande, afu skrinshoti inaishia kwenye grupu la ukoo. Voisi ndo mbaya kabisa mana sauti inabeba hasira hata maneno yakiwa mazuri. Karatasi mtu anaisoma mara ya kwanza akiwa amenuna, anaiweka, anaisoma tena kesho yake akiwa ametulia, na hiyo kesho yake ndo unayoitaka. Pia mkifika baraza la usuluhishi la ndoa (na mkitaka talaka ya mahakamani kwa kawaida lazima mpitie huko kwanza) karatasi yenye tarehe inaonyesha ulipendekeza nini na lini. Ila usiandike ukiwafikiria hao wa baraza, mwandikie yeye, atajua tu kama unamwandikia hakimu.

Kurasa mbili zinatosha. Andika leo, lala, kesho usome kwa sauti ukiwa peke yako, afu ndo unakili safi.

Hatua ya 2: Kaa na hesabu zako kabla ya kushika kalamu

Hapa ndo wengi wanaporuka na ndo pa kukaa muda mrefu zaidi. Unahitaji vitu viwili vya kweli, siku zako na hela zako.

Twende na mfano mmoja tutembee nao mpaka mwisho. Baba anaendesha bajaji ya bosi, amepanga chumba kimoja Kimara. Mama yuko Mbagala kwenye vyumba viwili walivyokuwa wanaishi wote, kodi 80,000 kwa mwezi. Watoto wawili, wa kike anaitwa Neema, miaka 9 yuko darasa la tatu, wa kiume miaka 4.

Hela kwanza. Baba huyu akisema "nitatuma laki tatu kila mwezi" anadanganya bila kukusudia, mana hela yake haiji kwa mwezi, inakuja kwa siku, na ikifika tarehe 30 hakuna laki tatu imekaa mahali. Mtu wa kipato cha siku aahidi kwa wiki. Na asichukue wiki nzuri kama kipimo, achukue wiki mbovu kuliko zote kwenye miezi miwili mitatu iliyopita, ile ya mvua au gari kulala gereji. Tuseme wiki hiyo, baada ya hesabu ya bosi na mafuta, alibaki na 90,000. Anatoa 35,000 ya matumizi ya watoto, anaweka pembeni 20,000 kwa ajili ya kodi ya Mbagala (wiki nne ni 80,000), anabaki na 35,000 ya chumba chake na kula. Inabana lakini inawezekana, na wiki nzuri ikija anaongeza bila kuwa ameahidi. Mama aliyeambiwa 35,000 akapata 35,000 kila Jumatatu anaanza kukuamini mapema kuliko aliyeambiwa laki tatu akapata laki na ishirini na maelezo.

Shule ya serikali haina ada lakini watoto hawaendi bure, kuna yunifomu, viatu, madaftari, michango ya chakula, nauli. Hivi usiviingize kwenye 35,000, viandike pembeni kwamba Januari na Julai shule zikifungua utagharamia nini na nini. Ukiviacha bila kuvitaja ndo mnagombana kila mwanzo wa muhula.

Sasa siku. Jumamosi kwa mtu wa bajaji ndo siku ya hela, kwahiyo akiahidi Jumamosi ataikosa. Jumapili anaweza. Na asiandike kila Jumapili kama anajua hawezi, aandike Jumapili ya kwanza na ya tatu ya mwezi, ambazo atafika hata dunia igeuke. Mtoto wa miaka 4 aliyevalishwa nguo nzuri akakaa mlangoni mpaka jioni hukuja, hilo mama halisahau na mtoto pia halisahau.

Hatua ya 3: Watoto walale wapi

Hili liangalie kwa jicho la mtoto na ujue sheria inasemaje kidogo ili usiombe kitu ambacho huwezi kupewa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inachukulia kwamba mtoto wa chini ya miaka 7 ni vizuri akae na mama yake, inaweza kupingwa kwa ushahidi lakini ndo pa kuanzia, na inaangalia pia ubaya wa kumhamisha hamisha mtoto. Mtoto mkubwa anayeweza kutoa maoni yake anasikilizwa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo inasema wazazi wakitengana mtoto ana haki ya matunzo na elimu ya kiwango kile kile alichokuwa nacho kabla hawajatengana, na ana haki ya kumtembelea mzazi mwingine na kukaa naye ilimradi masomo hayaharibiki. Hiyo haki ya kutembelea imeandikwa kama ya mtoto, na ukiandika barua kwa namna hiyo, "Neema ana haki ya kuniona" badala ya "nina haki ya kumuona Neema", inasomeka tofauti kabisa.

Afu kuna chumba chako. Chumba kimoja, kitanda kimoja, choo cha wapangaji wote, na una binti wa miaka 9. Mama yake lazima atalifikiria hilo hata kama hatakwambia. Usisubiri aulize, sema wewe mwenyewe kwamba kwa sasa watoto wanakuja mchana wanarudi jioni, na kulala itakuwa kwa bibi yao au shangazi ambako kuna chumba, mpaka upate sehemu ya maana. Hiki kitu kimoja nimeona kinalainisha barua kuliko msamaha wa kurasa tatu.

Hatua ya 4: Mwanzo wa barua

Anza na salamu ya kawaida mliyozoea. Kama ulikuwa unamwita Mama Neema, mwite Mama Neema, usimwite kwa jina lake kamili la kwenye cheti utadhani unamshtaki, wala usimwite mpenzi. Mstari unaofuata useme barua inahusu nini na haihusu nini. Afu mshukuru kwa kitu kimoja cha kweli anachofanya saivi kwa watoto, kimoja tu na kiwe mahususi, mfano mtoto hajakosa shule tangu uondoke.

Kwa ndugu zangu Waislamu, hapa kuwa makini sana. Usiweke neno lolote la kuacha hata kwa mafumbo, "tangu nilipokuacha" au "sasa uko huru", mana talaka ya maandishi ikiwa na nia inahesabika, utajikuta umeandika barua ya watoto ikasomwa kama talaka na sasa mnahesabu eda. Kama tayari kuna talaka rejea na yuko kwenye eda, makazi na matunzo yake ni jambo lake peke yake, liulize kwa sheikh, usilichanganye humu.

Hatua ya 5: Andika mapendekezo, kila moja liweze kujibiwa ndiyo au hapana

"Ningependa niwaone watoto mara kwa mara" hilo haliwezi kujibiwa. Mara kwa mara ni lini, saa ngapi, wapi, nani anawaleta? Pendekezo zima lina siku, saa, mahali, na nini kitatokea likishindikana. Hilo la mwisho ndo linasahaulika. Andika kwamba ukichelewa zaidi ya nusu saa bila kupiga simu watoto waendelee na ratiba yao, na kwamba mtoto akiumwa Jumapili hiyo unakuja kumuangalia hapo hapo kwao badala ya kumbeba.

Kila pendekezo liachie nafasi ya yeye kubadilisha, ila usiseme "kama hutaki basi". Sema "kama saa hii haikai vizuri kwako, niandikie inayokufaa".

Na kuna jambo moja lazima liwemo kwa maneno wazi kabisa: hela na kuonana havifungamani. Hata wiki ambayo hujawaona watoto hela inaenda, na hata wiki ambayo hela imechelewa watoto wanaonana na baba yao. Baba anayekata matumizi kwa sababu amenyimwa watoto na mama anayeficha watoto kwa sababu hela haijaja, wote wawili wakifika kwa ustawi wa jamii wanaulizwa swali lile lile, mtoto amekosa nini.

Barua ya mfano ya huyu baba wa bajaji ikikaa sawa inakuwa hivi:

"Mama Neema, habari za siku, natumaini wewe na watoto hamjambo. Barua hii ni ya watoto tu. Mambo yetu mimi na wewe tutayazungumza siku yake mbele ya wazee, humu sijayaweka.

Nashukuru kwamba Neema hajakosa shule hata baada ya mimi kutoka. Najua asubuhi za Mbagala zilivyo na najua unaziweza peke yako.

Naona watoto waendelee kukaa na wewe hapo hapo walipo, Neema asihame shule. Naomba niwe nawachukua Jumapili ya kwanza na ya tatu ya kila mwezi, nafika mlangoni saa nne mkitoka ibada, nawarudisha saa kumi na moja jioni kabla giza halijaingia. Nitakuja mwenyewe, sitatuma mtu. Nikichelewa zaidi ya nusu saa bila kukupigia, msinisubiri. Kwa sasa hawatalala kwangu mana nina chumba kimoja. Likizo ya Juni naomba walale wiki moja kwa bibi yao, mimi nitakuwa nashinda nao huko.

Simu, naomba niongee nao Jumatano saa moja jioni kwenye simu yako, dakika kumi zinatosha. Wakiwa wamelala basi, sitauliza.

Kila Jumatatu nitatuma 35,000 na ya kutolea kwenye namba yako ile ile. Kodi nitamlipa mwenye nyumba mwenyewe nikutumie picha ya risiti. Yunifomu, viatu na madaftari ya Januari na Julai ni juu yangu, nitumie orodha wiki mbili kabla. Hela itakuja hata wiki ambayo sijawaona, na naomba nao waje hata wiki ambayo hela imechelewa siku mbili tatu.

Mtoto akiumwa nipigie saa yoyote hata usiku, usisubiri kuona kama itapungua. Kadi ya kliniki ya mdogo ibaki kwako. Ikitokea anatakiwa kulazwa au kufanyiwa upasuaji tuamue wote, lakini kama sipatikani usinisubiri.

Mimi sitakusema vibaya mbele ya watoto na sitawatuma maneno. Naomba na wewe iwe hivyo.

Tujaribu mpaka shule zifunge Juni, afu tukae tuone nini kimekaa na nini hakijakaa. Kama kuna usilokubaliana nalo andika pembeni yake hapo hapo. Nijibu ukiwa na nafasi, karatasi au meseji vyote sawa. Baba Neema."

Angalia ile "na ya kutolea". Ukimtumia 35,000 kavu, akienda kwa wakala anapata pungufu, na kila wiki atakumbuka hilo. Na ile kulipa kodi mwenyewe iko pale kwa sababu kodi ikipitia mkononi kwake ikatumika kwenye ugonjwa wa mtoto, mwenye nyumba akija mtagombana wakati hakuna aliyekosea. Ila usilipie kila kitu mwenyewe mpaka mchicha, hiyo inakuwa kumsimamia na atakataa kwa haki.

Hatua ya 6: Kata maneno

Ukishaandika pitia na kalamu nyekundu. Kila penye "wewe" au "u-" ya kulaumu kata. "Hukuwahi kuniruhusu kuongea nao" kata, weka "naomba niongee nao Jumatano". "Mtoto wangu" badili iwe jina la mtoto. "Lazima", "nakupa siku saba", "la sivyo", "mwanasheria wangu" toa vyote. Vitisho hata vya kweli vinamfanya apeleke barua kwa kaka zake kabla hajaimaliza. Halafu tafuta mahali ulipoandika kuhusu mwanaume mwingine au kuhusu mama yake, hata kwa kuzunguka, kata hapo pia. Kama una hofu ya kweli kuhusu mtu anayeishi na watoto wako hiyo ni ya kwenda kuongea na ustawi, haina nafasi kwenye barua hii.

Msamaha wa ndoa nao, hata kama unautaka kwa moyo wote, usiweke. Ukiomba arudi kwenye barua hii kila pendekezo litasomeka kama chambo, akikataa kurudi ataona anatakiwa kukataa na Jumapili.

Hatua ya 7: Nani anaipeleka

Sio mtoto. Hata kwenye begi la shule hapana, Neema wa miaka 9 anajua kusoma. Sio mama yako wala dada yako aliyekuwa upande wako kwenye ugomvi. Tafuta mtu ambaye mke wako anamheshimu kwa hiari yake, mshenga kama bado anaaminika pande zote, wasimamizi wa ndoa yenu, mzee wa kanisa, shangazi yake yeye. Bahasha ifungwe, na anayepeleka asijue kilichomo wala asiambiwe alete jibu. Anafikisha, anasalimia, anaondoka.

Baada ya hapo nyamaza. Usimuulize kwa meseji jioni ile ile "umesoma?". Ila Jumatatu ya kwanza tuma hela kama ulivyoandika hata kama hajajibu, na usiweke ujumbe wowote zaidi ya "matumizi ya watoto wiki hii". Zikipita wiki mbili tatu kimya, mwombe yule yule aliyepeleka aulize kwa upole kama ilifika. Akijibu kwa matusi, tafuta ndani ya matusi hayo yale mambo ya watoto, mara nyingi yapo, "Jumapili tunaenda kwa mama wewe hujui?", hapo amekwambia tatizo ni siku tu. Mjibu hilo moja, badilisha iwe Jumapili ya pili na ya nne. Akikataa kila kitu kabisa, nenda na nakala ya barua kwa afisa ustawi wa jamii, awaite wote wawili, na hiyo ikishindikana Mahakama ya Watoto inasikiliza mambo ya matunzo, malezi na kutembelea bila kusubiri talaka.

Hatua ya 8: Akikubali

Mkae sehemu isiyo ya mmoja wenu, muandike upya safi yale mliyokubaliana na mabadiliko yake, nakala mbili, sahihi zenu na tarehe, na shahidi mmoja kila upande. Mkitaka nguvu zaidi msaini mbele ya afisa ustawi. Jueni tu kwamba karatasi hiyo haifungi mahakama, hakimu akiona kipengele kinamuumiza mtoto anakibadilisha, na baba hawezi kuandikiana na mama kwamba hatatoa matunzo hata kama mama amesaini kwa hiari.

Watoto waambieni pamoja kama mnaweza kukaa chumba kimoja dakika kumi bila kurushiana maneno, mkishindwa kila mmoja awaambie maneno yale yale mliyokubaliana. Mdogo wa miaka 4 anahitaji kujua baba anakuja siku gani tu, mkubwa atauliza kwanini, na jibu ni fupi, mimi na mama tunaishi nyumba tofauti, shule yako ni ile ile.

Mabadiliko yoyote baada ya hapo, bosi amebadilisha zamu, mama amepata kazi ya Jumapili, yaandikeni nyuma ya karatasi hiyo hiyo na tarehe na sahihi fupi za wote wawili, afu kila mmoja apige picha ya nyuma hiyo siku hiyo hiyo ili nakala zisipishane.